Faili la mauzo lililokuwa likiganda: uchambuzi wa kisa kimoja cha Excel

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika biashara ya jumla ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, upande wa Kariakoo. Jina la biashara, nyadhifa na baadhi ya takwimu za bidhaa vimebadilishwa ili wahusika wasitambulike, lakini mpangilio wa faili na fomula zake nimeuacha kama ulivyokuwa, kwa sababu mafunzo yote yamo humo.

Biashara hiyo ilikuwa na faili moja la Excel lililobeba mauzo ya mwaka mzima. Lilikuwa na shiti tatu. Ya kwanza, MAUZO, iliandikwa mstari mmoja kwa kila bidhaa iliyouzwa, ikiwa na tarehe, kundi la bidhaa, mwezi, mteja, nambari ya bidhaa, idadi, bei, thamani, na siku ambazo deni limekaa bila kulipwa. Ya pili, BIDHAA, ilikuwa orodha ya bidhaa zipatazo 1,800 na bei zake. Ya tatu, MUHTASARI, ilionyesha jumla ya mauzo ya makundi 60 ya bidhaa kwa kila mwezi, yaani seli 720 za fomula. Mhasibu aliitegemea MUHTASARI kuandaa hesabu za kodi ya ongezeko la thamani, ambazo ritani yake hutakiwa kuwasilishwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Faili lilikuwa na ukubwa wa megabaiti 61. Kulifungua kulichukua takriban dakika nne kwenye kompyuta ya ofisi, na kila karani alipoandika idadi kwenye seli moja na kubonyeza Enter, skrini iliganda kwa zaidi ya nusu dakika. Karani aliyeingiza risiti 100 kwa siku alikuwa akipoteza karibu saa nzima akitazama kishale kinachozunguka. Mkurugenzi alikwisha kuomba bei ya kompyuta mpya, akiamini kwamba iliyopo imechoka.

Mambo yalivyotokea

Karani alijitafutia nafuu mwenyewe. Alijifunza kwa rafiki kwamba katika kichupo cha Formulas kuna Calculation Options, na kwamba ukichagua Manual badala ya Automatic, Excel huacha kukokotoa hadi ubonyeze F9. Kuganda kukaisha papo hapo. Likabaki tatizo moja: kila alipohifadhi, faili lilichelewa tena, kwa sababu Excel ikiwa katika Manual hukokotoa upya kabla ya kuhifadhi isipokuwa ikizuiwa. Basi akaenda kwenye mipangilio akaondoa alama kwenye Recalculate workbook before saving. Kuanzia hapo kazi yake ikaenda haraka, na hakuna aliyeuliza sababu.

Wiki mbili baadaye mhasibu alilinganisha jumla ya mwezi iliyokuwa kwenye MUHTASARI na ripoti za Z za mashine ya EFD, yaani jumla za kila siku za mashine ya risiti za kodi. Hazikulingana, mauzo ya siku tatu za mwisho hayakuonekana kwenye jumla, ingawa yalikuwepo kwenye MAUZO. Alipomwita karani, jibu lilikuwa hili: "Dada, ukiona neno Calculate pale chini kushoto, bonyeza F9 kwanza ndiyo usome. Mimi nilidhani unajua."

Hakuwa akijua, na hakuwa na namna ya kujua. Kibaya zaidi, jedwali lake la kodi, ambalo lilikuwa faili tofauti kabisa na dogo, nalo lilikuwa limeacha kukokotoa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu: hali ya ukokotoaji ni ya programu nzima, si ya faili moja. Excel huichukua kutoka kwenye faili la kwanza kufunguliwa katika kikao hicho, na mafaili yote yanayofunguliwa baadaye hufuata, hata kama yalihifadhiwa yakiwa Automatic. Mhasibu alikuwa na desturi ya kufungua faili la mauzo kwanza, kisha la kodi. Hivyo dawa aliyoitumia karani kwenye kompyuta yake ilisafiri ndani ya faili hadi kwenye kompyuta ya mhasibu, na kutoka hapo ikaingia kwenye hesabu za kodi bila mtu yeyote kubadilisha kitu.

Tofauti iligunduliwa kabla ya ritani kupelekwa. Niliitwa siku iliyofuata, na ombi lilikuwa faili liwe jepesi kiasi kwamba hakuna atakayetamani kuirudia Manual.

Uchunguzi

Hatua ya kwanza ilikuwa kutenganisha mambo mawili ambayo mtumiaji huyaona kama moja. Faili linaweza kuchelewa kufunguka kwa sababu ni kubwa kusomwa, au kwa sababu Excel inalikokotoa mara tu linapofunguka. Kipimo chake ni rahisi. Nilifunga kila kitu, nikafungua Excel yenye kitabu kitupu, nikaiweka Manual, ndipo nikafungua nakala ya faili. Kwa kuwa kitabu kitupu kilitangulia, faili lilifuata Manual na kufunguka bila kukokotoa. Lilichukua kama dakika mbili badala ya nne. Kwa hiyo nusu ya ucheleweshaji ilikuwa uzito wa faili, na nusu ilikuwa fomula.

Kuhusu uzito, nilibonyeza Ctrl+End kwenye MAUZO. Kishale kilipaswa kuangukia mstari wa 41,300, mahali mauzo ya mwisho yalipoandikwa. Kiliruka hadi mstari wa 250,000. Aliyelitengeneza faili alikuwa amevuta fomula na mistari ya mipaka hadi huko mapema, ili karani asihangaike kuzivuta kila siku. Fomula zote zilianza na `IF(A2="","",...)`, kwa hiyo machoni mistari hiyo ilionekana mitupu. Nilithibitisha kwa kubadilisha jina la nakala ya faili kutoka .xlsx kuwa .zip na kuingia kwenye folda ya xl\worksheets. Faili la xlsx ni kifurushi kilichobanwa, na ukilifungua hivyo unaona uzito halisi wa kila shiti. Shiti ya MAUZO peke yake ilizidi megabaiti 300 ikiwa haijabanwa. Hizo mbili nyingine hazikuwa kitu mbele yake.

Kuhusu fomula, nilitumia kipimo ambacho nakiamini kuliko vyote. Excel hukokotoa upya seli zile tu ambazo vyanzo vyake vimebadilika. Ukikokotoa mara mbili mfululizo bila kugusa chochote, mara ya pili haipaswi kuwa na kazi, kwa hiyo muda wake unapaswa kukaribia sifuri. Ikiwa mara ya pili nayo inachukua muda, basi kuna fomula zisizotulia, yaani zile ambazo Excel huzikokotoa kila mara bila kujali kama kuna kilichobadilika. Miongoni mwake ni NOW, TODAY, RAND, OFFSET na INDIRECT. Makro niliyotumia kupimia ni fupi:

```
Sub PimaMuda()
    Dim t As Double
    Application.Calculate
    t = Timer
    Application.Calculate
    MsgBox Format(Timer - t, "0.00")
End Sub
```

Jibu lilikuwa sekunde 38. Hakuna seli iliyoguswa, na bado kompyuta ilifanya kazi kwa sekunde 38.

TODAY ilionekana mara moja, kwa kuwa safu ya siku za deni iliandikwa `=IF(A2="","",TODAY()-A2)` kwenye kila mstari. Hata hivyo safu hiyo haikulishwa kwenye MUHTASARI, kwa hiyo isingeweza kueleza sekunde zote hizo. Nilitafuta OFFSET na INDIRECT kwa Ctrl+F kwenye shiti zote tatu, nikaambulia patupu. Jibu lilipatikana kwenye Name Manager, inayofunguliwa kwa Ctrl+F3. Kulikuwa na jina moja, OrodhaBei, lililofafanuliwa hivi:

```
=OFFSET(BIDHAA!$A$2,0,0,COUNTA(BIDHAA!$A:$A)-1,4)
```

Nia yake ilikuwa njema: bidhaa mpya ikiongezwa, orodha ijipanue yenyewe. Lakini fomula ya bei kwenye kila mstari wa MAUZO ilikuwa `VLOOKUP(E2,OrodhaBei,4,FALSE)`. Fomula inayotumia jina lenye OFFSET ndani yake huwa haitulii, ingawa kwenye seli yenyewe neno OFFSET halionekani. Jina moja lililofichika likawa limeondoa utulivu kwenye safu nzima ya bei.

Athari haikuishia hapo. Thamani ya mauzo hutokana na bei, na MUHTASARI hutokana na thamani. Fomula isiyotulia huwaamsha wote wanaoitegemea, hatua kwa hatua hadi mwisho wa mnyororo. Na mwisho wa mnyororo huu ulikuwa hivi, katika seli 720:

```
=SUMPRODUCT((MAUZO!$B:$B=$A5)*(MAUZO!$C:$C=C$4),MAUZO!$H:$H)
```

SUMPRODUCT ikipewa safu nzima haitafuti data inapoishia. Hupitia mistari yote 1,048,576 ya shiti. Zidisha kwa seli 720 unapata ulinganishaji wa mistari zaidi ya milioni 754, na hiyo ndiyo kazi iliyofanywa kila mtu alipoandika tarakimu moja popote, hata kwenye seli isiyohusiana kabisa na mauzo.

Kila kasoro ikiwa peke yake ingevumilika. SUMPRODUCT ile ingeganda tu pale mauzo yanapobadilika. OFFSET ile, bila SUMPRODUCT mwishoni mwake, ingegharimu sekunde chache. Zilipounganishwa, OFFSET iliihimiza SUMPRODUCT mchana kutwa.

Maamuzi na sababu zake

Niliamua kurekebisha jambo moja kwa wakati na kupima baada ya kila moja, juu ya nakala, nikiwa Manual. Ukibadilisha vitu vinne kwa pamoja faili linaweza kupona, lakini hutajua ni kipi kilichoponya, wala kipi kimeharibu hesabu.

Nilianza na mistari ya ziada. Niliandika 41301:250000 kwenye kisanduku cha jina kilicho kushoto mwa mstari wa fomula, nikabonyeza Enter, kisha Ctrl na alama ya kutoa. Kitufe cha Delete hakifai hapa, kwa sababu hufuta yaliyomo na kuacha mipaka na rangi, na Excel huendelea kuihesabu mistari hiyo kuwa inatumika. Baada ya kuhifadhi, Ctrl+End ilitua mahali pake na faili likashuka hadi megabaiti 9. Makro ya kupima hata hivyo ilishuka kidogo tu, hadi sekunde 35, jambo lililotarajiwa: SUMPRODUCT ya safu nzima haijali data imefupishwa kiasi gani.

Ili karani asilazimike tena kuvuta fomula, niliigeuza MAUZO kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T. Ukiandika mstari mpya chini yake, jedwali hujipanua na fomula hujaza zenyewe. Hiyo iliondoa sababu iliyomfanya mtu avute fomula hadi mstari wa 250,000, na kwangu kuondoa sababu kuna uzito zaidi ya kufuta mistari yenyewe.

Pili, BIDHAA nayo ikawa jedwali, nikalipa jina tblBidhaa, na fomula ya bei ikasoma `VLOOKUP(E2,tblBidhaa,4,FALSE)`. Orodha bado inajipanua, lakini bila OFFSET. Jina OrodhaBei likafutwa. Makro ikashuka kutoka sekunde 35 hadi 1.6.

Hapa palikuwa na mtego. Kuandika kwenye seli isiyohusiana sasa kulikuwa kwepesi, na kijana wa IT wa ofisi alidhani kazi imekwisha. Tulipoingiza mauzo halisi kwenye MAUZO, skrini iliganda tena karibu kama mwanzo. Tulikuwa tumekata kinachoamsha mnyororo ovyo, lakini seli 720 bado zilipaswa kukokotolewa kihalali kila mauzo yanapoongezeka.

Tatu, kwa hiyo, SUMPRODUCT ilibadilishwa:

```
=SUMIFS(MAUZO!$H:$H,MAUZO!$B:$B,$A5,MAUZO!$C:$C,C$4)
```

SUMIFS inatambua mstari wa mwisho wenye data, hivyo kuipa safu nzima hakuna madhara hayo. Kabla ya kuziondoa fomula za zamani nilibandika majibu yake kama thamani tupu kwenye shiti ya pembeni, kisha nikatoa mpya kwa ya zamani katika seli zote 720. Nyingi zilitoa sifuri. Mistari miwili ya makundi haikutoa, na jumla mpya ilikuwa kubwa kuliko ya zamani.

Makundi hayo yalikuwa ya bolti, na majina yake yaliandikwa kama mafundi wanavyoandika vipimo: BOLTI 8*40, na lingine lenye 10*60. Katika vigezo vya SUMIFS nyota humaanisha herufi zozote, kwa hiyo BOLTI 8*40 ilijumlisha pia mauzo ya BOLTI 8*140. SUMPRODUCT yenye alama ya usawa haina tabia hiyo. Suluhisho lilikuwa kuiambia Excel kwamba nyota ni nyota tu, kwa kuweka alama ya mawimbi mbele yake:

```
=SUMIFS(MAUZO!$H:$H,MAUZO!$B:$B,SUBSTITUTE($A5,"*","~*"),MAUZO!$C:$C,C$4)
```

Tofauti zote zikawa sifuri. Safu ya nambari za bidhaa haikuwa na nyota, kwa hiyo VLOOKUP, ambayo nayo husoma nyota kwa namna hiyohiyo, haikuwa hatarini.

Nne ilikuwa TODAY. Kijana wa IT alipendekeza iwekwe kwenye seli moja tu na mistari yote iisome hapo. Ni ushauri unaotolewa sana, na tuliujaribu, lakini muda ulibaki karibu uleule. Excel haiangalii kama jibu la TODAY limebadilika; huikokotoa na kuwaamsha wote wanaoitegemea, wawe wanaita TODAY wenyewe au wanaisoma kutoka seli moja. Tulichofanya ni kumtaka karani aandike tarehe ya siku kwa Ctrl+; kwenye seli hiyo kila asubuhi. Tarehe iliyoandikwa imetulia. Makro ikaonyesha 0.00.

Matokeo

Faili sasa linafunguka kwa takriban sekunde kumi kwenye kompyuta ileile, na kuingiza mauzo hakufikishi sekunde moja. Excel ilirudishwa Automatic, alama ya Recalculate workbook before saving ikarudishwa, na faili likahifadhiwa hivyo kwenye kompyuta zote mbili. Mhasibu alikokotoa upya jedwali la kodi kwa Ctrl+Alt+F9, amri inayolazimisha fomula zote za mafaili yaliyofunguliwa bila kubagua, akalinganisha na ripoti za Z, zikalingana. Ritani ilipelekwa kwa wakati, na kompyuta mpya haikununuliwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kupima ukokotoaji wa pili. Kipimo hicho hakihitaji kujua fomula hata moja, na kilituonyesha kwamba tatizo ni utulivu kabla hatujaanza kutafuta ndani ya seli. Bila hicho tungeridhika na megabaiti 61 kushuka hadi 9, ambayo ni nambari ya kufurahisha macho lakini haikumsaidia karani kwa kuganda kwake. Ukubwa wa faili na kasi ya kuandika ni vitu viwili, na hapa vilikuwa na sababu mbili.

Kulinganisha majibu ya zamani na mapya kulistahili muda wake wote. Kubadilisha fomula kwa ajili ya kasi ni kubadilisha hesabu, hata pale fomula mbili zinapoonekana kuwa ndugu. Nyota kwenye jina la bolti ingepitisha makosa kwenye ripoti, na safari hii yasingekuwa ya kuchelewa bali ya jumla isiyo sahihi inayoonekana vizuri.

Kilichoshindwa ni Manual kutumika kama tiba. Simlaumu karani, kwa sababu alikuwa na kazi ya kumaliza na hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Lakini Manual haipunguzi kazi. Huiahirisha, kisha humwachia msomaji wa mwisho jukumu la kukumbuka F9. Nafasi yake halali ni fupi: wakati wa kuchunguza, wakati wa kufuta mistari mingi, au wakati wa kubandika data nyingi kwa mkupuo, na mtu yuleyule aliyeiwasha aizime kabla ya kuhifadhi. Katika ofisi yenye mafaili yanayopita mkononi mwa watu kadhaa, ningesema kila anayetegemea jumla aangalie kona ya chini kushoto kwanza: neno Calculate likiwepo, nambari zilizo mbele yake ni za zamani.

Jambo moja tulilikuta njiani na halikuhusu kasi moja kwa moja. Kwa kuwa kila mstari wa MAUZO ulisoma bei kutoka BIDHAA, mabadiliko ya bei ya mwezi huu yalibadilisha pia thamani ya mauzo ya miezi iliyokwisha kufungwa. Tulikubaliana na mhasibu kwamba kila mwezi ukifungwa, bei na thamani zake zinakiliwa na kubandikwa kama thamani tupu baada ya kulinganishwa na ripoti za Z. Fomula hai hubaki kwenye mwezi unaoendelea tu, na hivyo kazi ya kutafuta bei haikui kadiri mwaka unavyosonga. Miezi ya nyuma ambayo bei zake zilikuwa zimekwisha kubadilika, mhasibu anaendelea kuirekebisha kwa mkono kutoka kwenye risiti.

Lililobaki bila kuguswa ni rangi za masharti kwenye MAUZO, zinazoonyesha madeni yaliyopitiliza. Kunakili na kubandika kwa muda mrefu kumezikata kanuni hizo vipande vingi vinavyojirudia, kama inavyoonekana kwenye Manage Rules, na Excel huzipima upya kila inapochora seli zilizo kwenye skrini. Kwa sasa zinasababisha mkwaruzo mdogo tu wakati wa kusogeza ukurasa. Zikianza kuchelewesha, zitafutwa zote na kuandikwa kanuni moja kwa jedwali zima, na karani ameshaonyeshwa kubandika kwa Paste Special, Values, ili vipande visiendelee kuzaliana.